Barua isiyo na tarehe ya kurudi

Na Elifuraha Mmbaga

Mgonjwa wa Bendera akiambiwa kwamba matibabu yake yako India, kikao cha kwanza cha ukoo ni cha fedha. Nauli atatoa nani, ya hospitali itatoka wapi, nani ana ng'ombe wa kuuza, nani ana magunia ya mpunga ambayo bado hajayapeleka mashineni. Kikao cha pili ni cha paspoti na viza. Swali la nani atamsindikiza mgonjwa huchukua dakika chache tu, na jina linalotajwa karibu kila mara ni la yule ndugu mwenye ajira. Ana kitambulisho cha NIDA, Kiingereza kinapanda, amezoea kujaza fomu na kusimama mbele ya meza za watu. Anachaguliwa kwa kuwa ana kazi, na kazi hiyohiyo ndiyo itakayomfunga miguu.

Nasema hasa kuhusu walimu, wauguzi na watendaji, kwa sababu katika tambarare hii ya Same, kuanzia Kisiwani na Maore hadi Ndungu na Bendera, wao ndio wengi wa wenye barua ya ajira na mshahara wa benki. Kibarua wa mkonge hana likizo ya kuomba. Akiondoka ameondoka, na hilo linastahili safu yake.

Mwenye ajira anaandika barua kwa mkuu wake wa kazi. Anataja ugonjwa, anataja nchi, anataja siku ya kuondoka. Akifika kwenye tarehe ya kurudi kalamu inasimama, kwa sababu hakuna daktari aliyempa tarehe hiyo. Wengine hubuni. Wengine huandika kwamba watarudi mgonjwa akipata nafuu, na barua hiyo huzunguka ofisini wiki nzima bila mtu wa kuisaini. Leo nataka kusema kwamba barua zote mbili zina kasoro moja, na kwamba mwajiri anayedai tarehe moja ya mwisho anadai kitu ambacho hata hospitali haina.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani iko upande wao kuliko ilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Inampa siku hizohizo akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma tena polepole. Ugonjwa umetajwa kwa mtoto peke yake. Mama yako akifariki una siku nne. Mama yako akilazwa, kifungu hicho hakina neno. Kaka na dada ni vivyo hivyo: kuzika imo, kuuguza haimo. Na siku hizo nne ni za mzunguko mzima wa likizo, ambao kwa likizo za aina hii ni miezi 36, hata kama misiba imefuatana. Ukitaka zaidi, mwajiri anaweza kukuruhusu, lakini siku za ziada hazilipwi. Mtumishi wa umma ana pia Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, ila kwa vitendo mambo yote hurudi kwenye meza ya mkurugenzi wa halmashauri.

Kinachobaki mkononi mwa mwalimu kwa uhakika ni likizo yake ya mwaka, siku 28. Twende nazo India tuone zinafika wapi.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi ambaye mdogo wake ana saratani ya damu. Amepewa dawa hapa nchini, ugonjwa umetulia, na madaktari wanashauri apandikizwe uloto wa ndugu kabla haujarudi. Nimechagua ugonjwa huu makusudi. Miaka ya nyuma ningetaja figo au moyo, lakini upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imepunguza sana safari za wagonjwa wa moyo. Uloto nao umeanza kupandikizwa hapa: Muhimbili mwaka 2021, na Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Hata hivyo wapo wagonjwa wa saratani ya damu wanaohitaji uloto wa mtu mwingine na wanaoishia kuelekezwa India, na kwao ndiko suala la tarehe linakokuwa gumu kuliko kote.

Kwanza hutafutwa ndugu anayelingana. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, kwa hiyo familia kubwa za huku kwetu zina bahati kidogo. Tuseme amepatikana dada yao anayelima mpunga. Wanasafiri watatu: mgonjwa, dada atakayetoa uloto, na mwalimu wa kuuguza. Viza ya matibabu ya India inayoombwa kwa mtandao inaruhusu wasindikizaji wawili, kwa hiyo nafasi zimejaa.

Wiki mbili za kwanza huenda kwenye vipimo vya mgonjwa na vya mtoaji, na kumwekea mgonjwa mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa. Wiki ya tatu ni ya dawa kali za kufuta uloto wake mwenyewe. Baada ya hapo anapewa seli za dada yake, na siku hiyo hospitali huiita siku sifuri. Hesabu yote inaanzia hapo. Kwa dada kazi imekwisha au inakaribia kwisha. Amechomwa sindano za kuongeza seli kwa siku nne au tano, seli zimechujwa kutoka kwenye damu yake, na anaweza kurudi Bendera katika siku chache. Yeye tarehe ya kurudi anayo. Mwalimu hana.

Siku ya 28 ya likizo ya mwalimu, hata tusipohesabu siku za njiani, inaangukia kama wiki moja baada ya siku sifuri. Wakati huo uloto wa zamani umekufa na mpya haujaanza kazi. Chembe nyeupe za damu ziko karibu na sifuri, mdomo una vidonda, mgonjwa hawezi kula, na homa ndogo tu inawafanya madaktari wakimbilie dawa za mishipani. Kama kuna siku ambayo ndugu hapaswi kuondoka, ni hiyo, na ndiyo siku ambayo sheria yetu inamwambia arudi darasani.

Baada ya hapo hungojwa uloto ushike. Dalili yake ni ya hesabu: zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zifike 500 katika mikrolita moja ya damu na zikae hapo siku tatu mfululizo. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne. Kisha mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini, na familia nyingi nyumbani hufikiri sasa wanarudi. Bado. Anatakiwa akae karibu na hospitali hadi siku ya 100 hivi, akirudi kliniki mara mbili kwa wiki mwanzoni, na asikae peke yake. Ndugu ndiye anayempima joto. Likifika nyuzi 38 anampeleka hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Ndiye anayehesabu vidonge vya kuzuia uloto mpya usiushambulie mwili, anayechemsha maji, anayeangalia ngozi kama imetoka vipele na macho kama yamekuwa ya njano. Kazi hii huwezi kumlipa mlinzi wa nyumba ya kupanga akufanyie.

Ukijumlisha wiki tatu za mwanzo na siku 100 unapata miezi minne. Hiyo ni ya mgonjwa aliyekwenda vizuri. Uloto unaweza kuchelewa kushika. Virusi vilivyokuwa vimelala mwilini vinaweza kuamka. Uloto wa dada unaweza kuanza kuushambulia mwili wa kaka, ukaonekana kwenye ngozi, tumbo na ini. Kila moja kati ya hayo huongeza wiki kadhaa, na hakuna daktari mkweli atakayekuambia mapema ni lipi litatokea.

Hata hivyo angalia vizuri. Tarehe ya mwisho haijulikani, lakini njia nzima ina vituo vinavyojulikana. Mwezi mmoja baada ya siku sifuri, daktari anajua kama uloto umeshika. Kufikia siku ya 60 anajua kama kuna mashambulizi na kama dawa zinayatuliza. Siku ya 100 anaweza kusema mgonjwa asafiri au asisafiri. Kinachotakiwa kwenye barua ya ruhusa ni vituo hivyo.

Kwa maoni yangu mwalimu huyu aombe hivi. Ruhusa ya kwanza iwe ya wiki nane tangu aondoke, likizo yake ya mwaka ikiwa ndani yake, na aeleze kwamba wiki ya saba ataleta barua ya daktari inayosema uloto umeshika au la na ni muda gani zaidi anahitajika. Ruhusa ya pili iishie karibu na siku ya 60, na ya tatu siku ya 100, kila moja ikitanguliwa na barua kama hiyo wiki moja kabla. Mwajiri naye asaini ya kwanza tu. Hajajifunga kwa miezi minne wala kwa muda usio na mwisho. Amejifunga kwa wiki nane, na anajua siku atakayopata taarifa. Mwalimu mkuu anaweza kugawa vipindi vya wiki nane kwa walimu waliobaki, au kumpata mwalimu wa kujitolea. Kinachomshinda mwalimu mkuu ni kuambiwa kila Jumatatu kwamba mwenzao huenda akarudi wiki ijayo.

Mpango huu sikuutoa kichwani. Marekani ina sheria ya likizo ya familia tangu mwaka 1993, inayompa mfanyakazi anayestahili hadi wiki 12 kwa mwaka bila malipo ili amuuguze mzazi, mwenzi au mtoto. Ndugu wa kuzaliwa hawamo, kwa hiyo mwalimu wetu asingefaidika nayo, tusiitukuze. Lakini fomu ambayo daktari hujaza chini ya sheria ile ina jambo la kuiga. Inamtaka akadirie muda kadiri awezavyo, na inamtahadharisha kwamba majibu kama "haijulikani" huenda yasitoshe. Makadirio yakibadilika, mfanyakazi anawajibika kutoa taarifa mapema na mwajiri anaweza kudai uthibitisho mpya. Yaani wenzetu walikubali kwamba daktari atakosea, wakapanga namna ya kusahihisha, badala ya kumwadhibu mfanyakazi kwa kosa la daktari.

Hapa kwetu adhabu iko karibu sana. Kanuni za Utumishi wa Umma zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya msingi kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Sekta binafsi nayo, kupitia Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, inataja zaidi ya siku tano za kazi. Ni kweli kwamba kuuguza kunaweza kukubaliwa kuwa sababu. Lakini sababu hiyo utaieleza kwenye kamati ya nidhamu baada ya mashtaka, ukiwa na vyeti vilivyobaki kwenye mkoba huko Chennai, huku mshahara ukiwa umesimamishwa. Mwenye ruhusa ya vituo iliyosainiwa hafiki huko.

Kuna mtego mwingine, na huu wengi huuingia wenyewe. Hospitali ya India huandika barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Viza ya matibabu ya mtandaoni hutolewa kwa siku 60, basi mwombaji akishaipata hubandika nakala kwenye ombi la ruhusa kama ushahidi. Afisa utumishi anasoma siku 60, anahesabu vidole, anaandika tarehe ya kurudi. Siku 60 ni muda wa karatasi ya uhamiaji, na kwa mgonjwa wetu zinaishia katikati ya mambo. Viza huongezwa hukohuko India kupitia ofisi ya usajili wa wageni kwa barua ya hospitali, na anayejua mapema kwamba matibabu ni marefu anaweza kuomba viza ya kawaida ya matibabu katika ubalozi wao Dar es Salaam. Kwa mwajiri peleka barua nyingine kabisa: ya daktari bingwa aliyetoa rufaa, awe wa KCMC, Ocean Road au Muhimbili, ikieleza aina ya matibabu, vituo vyake, kwa nini mgonjwa hawezi kuwa peke yake, na uhusiano wenu. Hata familia inayojilipia yote isiruke hatua hii. Anayekwenda India kwa mwaliko wa hospitali tu, bila barua ya rufaa ya hapa, anamwachia mkurugenzi hiari ya kuamini au kutoamini.

Nikae kidogo upande wa mkurugenzi, kwa sababu walimu wanapomlaumu hawasemi anachokiogopa. Anaogopa hoja ya ukaguzi. Mshahara uliolipwa kwa mtumishi ambaye hayupo kazini ni jambo ambalo Mkaguzi Mkuu analiuliza halmashauri, na jibu la kwamba alikuwa anauguza, bila karatasi, halimtoshi mkaguzi. Ndiyo maana mkurugenzi mwenye huruma mara nyingi husema nenda tu, tutaonana ukirudi, bila kuandika kitu. Huruma hiyo ni ya hatari kwa wote wawili. Akihamishwa, anayekuja anakuta daftari la mahudhurio lina nafasi tupu za miezi miwili. Omba karatasi hata kama unapendwa.

Sasa ikiwa ruhusa ni ya bila malipo, na baada ya siku 28 itakuwa hivyo, kuna madhara ambayo kikao cha ukoo hakikuyapigia hesabu. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara hausimami kwa sababu mshahara umesimama. Riba inaendelea kutembea. Michango ya PSSSF inakatika. Linaloniumiza zaidi ni bima. Mchango wa NHIF wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake akitoa mwenyewe na nusu mwajiri. Mshahara ukisimama na mchango ukasimama, kadi za watoto na za wazazi waliobaki Bendera ziko hatarini. Familia inaweza kujikuta ina mgonjwa mmoja India anayelipiwa kwa michango ya watu, na bibi mwenye kisukari anayerudishwa dirishani kwa sababu kadi imefungwa. Sheria ile ya Marekani inamtaka mwajiri aendeleze bima ya afya ya mfanyakazi wakati wa likizo hiyo isiyolipwa. Hilo ningelitaka hapa kabla hata ya malipo. Kuendeleza mchango wa bima kwa miezi mitatu ni fedha ndogo kwa halmashauri, na mfanyakazi anaweza kuirejesha kidogokidogo akirudi.

Najua nitaulizwa: na yule anayemuuguza mama yake KCMC, Moshi, wiki sita, mbona hukumtaja? Swali la haki. Yeye naye kifungu cha 34 hakimtambui, na kama Bunge litakigusa kifungu hicho, neno ugonjwa liwekwe mbele ya mzazi, mwenzi, kaka na dada bila kujali hospitali iko nchi gani. Tofauti ni kwamba wa Moshi anaweza kupokezana na ndugu kila Jumamosi kwa nauli ya basi. Wa India hapokezani kirahisi. Anayekuja kuchukua zamu anahitaji paspoti, viza yake na tiketi, na awe amefundishwa dawa na dalili. Familia zenye busara huandaa paspoti ya msindikizaji wa tatu tangu mwanzo ili mwalimu arudi baada ya kituo cha pili. Paspoti ni shilingi 150,000, na huo ndio muda wa kuitafuta, kabla wawili wa kwanza hawajaondoka.

Pia kuna wanaodanganya. Wapo. Barua ya daktari kila kituo huwapunguza zaidi kuliko tarehe moja inayobuniwa siku ya kwanza, kwa sababu mwongo atalazimika kuileta mara tatu.

Limebaki jambo ambalo barua nyingi haziligusi kwa kuogopa uchuro. Tarehe isiyojulikana inaweza pia kuwa karibu kuliko ilivyotarajiwa. Mgonjwa anaweza kufariki wiki ya tano, na msindikizaji akabaki na kazi ya vyeti, ubalozi, na kuusafirisha mwili hadi KIA na kutoka hapo hadi Bendera. Ruhusa iliyoandikwa vizuri iseme kwamba ikitokea hivyo, ya kuuguza inakoma, siku nne za msiba zinaanza kuhesabiwa siku mwili unapofika nyumbani, na jina la mtumishi linarudishwa kwenye orodha ya mishahara mwezi huohuo anaoripoti. Mstari huo wa mwisho uandikwe na afisa utumishi mwenyewe kabla safari haijaanza, kwa sababu anayerudi kutoka kwenye safari ya namna ile hatakuwa na nguvu ya kwenda Same kila wiki kuuliza mshahara wake umekwamia meza ipi.